Mtihani wa Juni: Uingie au Uusogeze Mbele?

Kila mwaka, ifikapo katikati ya Aprili, swali hili huanza kuzunguka katika ofisi za wahasibu: niingie Juni, au niusogeze? Anayeuliza mara nyingi ameshalipa ada, ameshasoma nusu au robo tatu ya kitabu, na usiku hapati usingizi mzuri. Anachojibiwa na wenzake ni "jipe moyo, ingia tu" au "usijitese, ahirisha". Majibu yote mawili hayana msaada, kwa sababu hakuna aliyepima kitu.

Mwongozo huu unazungumzia mtihani mmoja ili tuweze kupima kwa namba: karatasi ya FR ya ACCA, ile ya utayarishaji wa taarifa za fedha, ambayo wahasibu wengi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala hukwama nayo. ACCA ina awamu nne za mitihani kwa mwaka: Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kama wewe unafanya mitihani ya bodi yetu ya NBAA, awamu ni mbili tu, Mei na Novemba, kwa hiyo kusogeza kunakugharimu nusu mwaka, si miezi mitatu. Njia ya kupima ni ileile, ila uzito wa kuchelewa unakuwa mkubwa zaidi.

Ijue kwanza siku ya kuamua

Kosa la kwanza ninaloliona ni watu kuamua wiki ya mtihani. Wakati huo hakuna tena cha kuamua. ACCA hupokea usajili kwa vipindi vitatu: cha mapema, ambacho ada yake ni nafuu, cha kawaida, na cha kuchelewa, ambacho ada yake ni kubwa kuliko zote. Siku inayokuhusu ni ile ya kufungwa kwa kipindi cha kawaida, ambayo huangukia takriban wiki tano kabla ya mtihani. Kwa awamu ya Juni ni mwishoni mwa Aprili au mwanzoni mwa Mei. Hadi siku hiyo unaweza kuingia kwenye akaunti yako ya myACCA, ukajiondoa, na ada ikabaki humo kama salio la kutumia baadaye. Ikipita, ada imekwenda, uingie usiingie. Aliyejisajili katika kipindi cha kuchelewa hana nafasi hiyo hata kidogo, na ndiyo maana nawasihi wenye wasiwasi wasisubiri hadi kipindi hicho.

Basi tazama tarehe ya mwaka huu kwenye ukurasa wa ACCA, iandike ukutani, kisha rudi nyuma siku kumi. Hiyo ndiyo siku ya kufanya mtihani wa majaribio. Siku kumi zinatosha kusahihisha, kutafakari na kuzungumza na anayekulipia ada.

Mtihani wa majaribio unaostahili kuaminiwa

FR ni mtihani wa saa tatu, alama 100, na kufaulu ni alama 50. Sehemu A ina maswali 15 ya kuchagua au kujaza jibu, kila moja alama 2. Sehemu B ina visa vitatu, kila kisa maswali matano ya alama 2. Sehemu C ina maswali mawili ya kuandika na kukokotoa, kila moja alama 20. Ukigawa dakika 180 kwa alama 100 unapata dakika 1.8 kwa kila alama. Kwa hiyo sehemu A na B kwa pamoja zinastahili dakika 108, na kila swali la sehemu C dakika 36.

Fanya mtihani mzima kwa kikao kimoja, kwenye kompyuta, kitabu kikiwa kimefungwa na simu ikiwa chumba kingine. ACCA inawapa wanafunzi wake jukwaa la mazoezi bila malipo, lenye sura ileile utakayoikuta chumba cha mtihani. Litumie hilo badala ya karatasi na kalamu, kwa maana anayeandika mizania kwa mkono hajui bado jinsi jedwali la kompyuta linavyokula muda. Chagua mtihani ambao hujawahi kuuona. Pasti pepa uliyoijadili darasani mwezi uliopita itakupa alama za kumbukumbu, nazo zitakudanganya.

Na pale dakika 180 zinapokwisha, acha. Nakuomba sana hapa: usijiongezee dakika kumi za kumalizia. Kama unataka kujua ungefanya nini ukiwa na muda zaidi, badilisha rangi ya maandishi kisha uendelee, lakini alama za baada ya muda zihesabu pembeni. Zitatusaidia sasa hivi.

Alama 43 zinaweza kuwa habari mbili tofauti

Tuwachukue watahiniwa wawili. Wa kwanza anafanya kazi katika kampuni ya ukaguzi wa hesabu Dar es Salaam. Wa pili ni mhasibu wa halmashauri. Wote wamepata 43 katika mtihani wa majaribio, mwishoni mwa Aprili. Ukitazama jumla tu, utawashauri jambo moja. Ukitazama ndani, utaona watu wawili wasiofanana.

Mkaguzi wetu amepata 20 kati ya 30 katika sehemu A, 16 kati ya 30 katika sehemu B, na 7 tu kati ya 40 katika sehemu C. Alipoulizwa alitumiaje muda, alisema sehemu A na B zilimchukua dakika 140 badala ya 108. Alibakiwa na dakika 40 kwa maswali mawili makubwa. La kwanza aliliacha nusu, la pili aliligusa tu. Kisha tukatazama yale maandishi ya rangi nyingine. Swali la hesabu za kundi la kampuni, alipolimaliza bila kubanwa na saa, alipata 14 kati ya 20. Huyu somo analijua. Tatizo lake ni saa.

Mhasibu wa halmashauri amepata 10 katika sehemu A, 12 katika sehemu B, na 21 katika sehemu C. Muda ulimtosha, tena alibakiwa na dakika chache. Maswali makubwa aliyafanya vizuri kwa sababu hesabu za kundi na uchambuzi wa taarifa ndiyo mada alizozifanyia mazoezi. Lakini kwenye sehemu A alikuwa akibahatisha. Alipopanga makosa yake kwa mada, yaliangukia palepale: mikataba ya ukodishaji chini ya IFRS 16, mapato chini ya IFRS 15, kodi iliyoahirishwa, na mada nyingine tatu ambazo hakuwahi kuzifungua. Huyu ana mashimo.

Tofauti hii ndiyo kiini cha uamuzi wote. Mwendo wa saa unaweza kurekebishwa ndani ya wiki tano, kwa kuwa unachorekebisha ni tabia: kuacha swali muda wake unapokwisha, kujaza jibu na kusonga mbele. Mashimo ya mada hayaendi haraka hivyo. Sehemu A ya FR huchota maswali kila kona ya mtaala, kwa hiyo mada sita zisizosomwa zinakufuata kokote uendako, na hazizibwi na ustadi wa mada moja uipendayo.

Kuna hali ya tatu, nayo naitaja kwa ufupi: aliyepata chini ya 30. Huyo hahitaji hesabu ndefu. Ajiondoe.

Saa ulizonazo, si saa unazotamani

Baada ya kujua unakosa nini, hesabu saa. Usianze na mpango wa kesho. Anza na wiki nne zilizopita. Ulisoma saa ngapi kweli, siku kwa siku? Wiki zijazo hazitakuwa na saa nyingi zaidi kwa sababu tu umeogopa. Mwenye watoto wawili na safari ya daladala asubuhi na jioni anajua ninachosema.

Mkaguzi alikuwa akisoma wastani wa saa 10 kwa wiki. Kwa wiki tano ni saa 50. Punguza robo kwa ajili ya dharura, zinabaki kama 37. Swali moja la alama 20 linahitaji dakika 36 za kufanya na takriban dakika 54 za kusahihisha na kurudia palipokosewa, jumla saa moja na nusu. Saa 37 zinampa karibu maswali 25 kwa mwendo wa mtihani. Hilo linatosha kubadilisha tabia ya mtu mezani.

Mhasibu wa halmashauri alikuwa akipata saa 6 kwa wiki. Wiki tano ni saa 30 kabla hata ya kupunguza dharura. Mada sita, kila moja ikipewa saa nane za kusoma na kufanya mazoezi, ni saa 48. Hazitoshi. Hata angezikimbiza, asingebakiwa na dakika ya kurudia hesabu za kundi ambazo sasa ndizo zinazombeba.

Gharama: weka ada, kisha weka kuchelewa

Ada ya ACCA hutozwa kwa pauni, kwa hiyo kiasi cha shilingi hubadilika. Kwa urahisi wa hesabu tuseme ni shilingi 500,000. Wewe weka yako. Tuseme pia kwamba ukikamilisha mitihani yote, mshahara utaongezeka kwa shilingi 150,000 kwa mwezi.

Sasa jikadirie nafasi ya kufaulu, bila kujipendelea. Mkaguzi, mwenye 43 na tatizo la saa, na wiki tano za mazoezi, tumpe 6 kati ya 10. Akiingia Juni, nafasi ya kupoteza ada ni 4 kati ya 10, sawa na hasara ya kukadiria ya shilingi 200,000. Akifaulu, anaokoa miezi mitatu, yaani shilingi 450,000. Zidisha kwa 6 kati ya 10, unapata 270,000. Faida inazidi hasara. Aingie.

Mhasibu wa halmashauri tumpe 2 kati ya 10. Hasara ya kukadiria ni shilingi 400,000. Hata akikusudia kusogeza hadi Desemba, miezi sita mbele, anachokiokoa akifaulu Juni ni shilingi 900,000, na mara 2 kati ya 10 ni 180,000. Hasara inazidi faida zaidi ya mara mbili. Ajiondoe, ada ikiwa bado salama.

Makadirio haya ni ya mkono, nawe utayabadilisha. Faida yake ni kukuonyesha ni namba ipi inabeba uamuzi. Na kabla hujaweka thamani ya kuchelewa, jiulize kama kuchelewa kwenyewe kupo. ACCA inaruhusu hadi karatasi nne katika awamu moja. Ikiwa FR ya Septemba unaweza kuiunganisha na karatasi nyingine bila kuvunja saa zako, huenda tarehe yako ya kumaliza haisogei hata siku moja, na zile 450,000 zinakuwa sifuri. Kwa mwenye saa 6 kwa wiki, kuunganisha ni ndoto. Asiiweke kwenye hesabu.

Ipo gharama moja ambayo watu huisahau, ile ya kungoja matokeo. Matokeo ya Juni hutoka katikati ya Julai. Wanaoingia wakiwa hawako tayari karibu wote hufunga vitabu kwa wiki hizo sita, wakitumaini. Yakitoka mabaya, usajili wa kawaida wa Septemba bado uko wazi, ila zimebaki wiki saba hivi za kusoma, na kichwa kimepoa. Aliyejiondoa mwishoni mwa Aprili alikuwa na wiki 18 hadi Septemba. Basi anayesema "nikifeli nitarudia Septemba" ajue anarudia kwa wiki saba, si kwa wiki 18.

Unasogeza kwenda wapi?

Kusogeza hakuna maana kama awamu inayofuata ina msongamano mbaya zaidi, na hapa kalenda ya kazi yako inasema zaidi kuliko kitabu. Kampuni nyingi nchini Tanzania hufunga mwaka tarehe 31 Desemba, na ritani ya kodi ya mapato hutakiwa ndani ya miezi sita, yaani hadi 30 Juni. Kwa wafanyakazi wa kampuni za ukaguzi na ushauri wa kodi, Mei na Juni ni miezi ya kulala ofisini. Julai na Agosti hupata nafuu. Mkaguzi ambaye Mei yake imejaa kuliko tulivyokadiria angekuwa na sababu nzuri ya kwenda Septemba.

Serikalini ni kinyume chake. Mwaka wa fedha hufungwa 30 Juni, na taarifa za hesabu huandaliwa katika miezi mitatu inayofuata. Mhasibu wetu wa halmashauri akisogeza FR hadi Septemba, anapeleka marudio yake Julai na Agosti, miezi ambayo hatakuwa na hata zile saa 6. Kwake Septemba ni mtego. Awamu yake ni Desemba: mada tatu azizibe Mei na Juni, apumzike wakati wa kufunga hesabu akiwa anafanya maswali machache tu ya sehemu A kila wiki ili asisahau, kisha Oktoba na Novemba amalize mada tatu zilizobaki na kurudi kwenye maswali makubwa.

Tazama pia mtaala. Mwaka wa mtaala wa FR huanza Septemba na kuishia Juni. Ukisogeza kutoka Juni kwenda Septemba au Desemba, umevuka mpaka, na viwango vinavyotahiniwa vinaweza kubadilika. Hili si jambo la nadharia: IFRS 18, iliyotolewa Aprili 2024, inachukua nafasi ya IAS 1 na kuanza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 2027. Kabla hujasogeza, fungua mwongozo wa mtaala wa awamu unayoiendea, usome sehemu inayotaja mabadiliko, na ukague kama kitabu ulichonunua bado kinafaa. Kwa karatasi ya kodi ya Uingereza mpaka uko pengine, kati ya Machi na Juni, na huko mabadiliko ya viwango vya kodi hugusa karibu kila swali.

Mambo yanayotisha kupita kiasi, na moja lisilotisha inavyopasa

Wengi huniambia wanaogopa kusogeza FR kwa sababu ya kikomo cha miaka saba. Kikomo hicho kipo, lakini ni cha karatasi za ngazi ya juu ya mwisho, na huanza kuhesabiwa unapofaulu ya kwanza kati ya hizo. FR uliyoifaulu haifutiki. Woga mwingine ni wa kufeli kwenyewe. ACCA haina ukomo wa idadi ya majaribio ya FR, na alama za kufeli hazipunguzi alama zako za baadaye.

Lisiloogopwa inavyopasa ni mkataba wa ufadhili. Ikiwa mwajiri ndiye anayelipa ada, usome. Baadhi ya mikataba hulipia jaribio la kwanza tu. Mingine humtaka mfanyakazi arudishe fedha akifeli au asipotokea. Kwa mtu wa namna hiyo, kufeli Juni kunaweza kumaanisha kulipa awamu mbili mwenyewe, na hesabu yetu ya juu inabadilika papo hapo. Zungumza na bosi wako kabla ya kujiondoa, si baada. Mpelekee mchanganuo wa mtihani wa majaribio, saa ulizonazo na awamu unayoihamia. Mwajiri anayeona namba humwelewa mtu kuliko anayeletewa "sijajiandaa".

Tarehe ikishapita

Ukisoma haya wakati siku ya kujiondoa imeshapita, swali lako limekuwa jepesi. Ada haitarudi, kwa hiyo usiihesabu tena. Kilichobaki kulipa ni siku moja ya kukaa chumba cha mtihani. Isipokuwa unaumwa, una msiba, au mkataba wako unaadhibu kufeli kuliko kutotokea, nenda. Tumia wiki zilizobaki kuziba mada mbili tu zenye maswali mengi, ulinde dakika 36 za kila swali la sehemu C, na usiache swali lolote la kuchagua wazi, kwani jibu lisilo sahihi halikatwi alama.

Na kama umeamua kusogeza, usiache mambo yaning'inie. Jiondoe kwenye akaunti ukiwa na mtandao mzuri, siku mbili kabla ya mwisho. Hakikisha salio limeonekana, hifadhi uthibitisho, kisha jisajili awamu mpya mara usajili wake wa mapema unapofunguka, kwa kutumia salio hilohilo. Wiki hiyohiyo fungua mada ya kwanza kati ya zile ulizoziruka.